Hamsini na nne au sitini? Wasifu wa mchambuzi wa data mbele ya wasaili

Mpwa wangu alirudi kutoka kwenye usaili saa tisa alasiri, akavua viatu mlangoni, akaketi bila kusema neno. Nilimwacha anywe chai kwanza. Kisha akanieleza. Kazi ilikuwa ya mchambuzi wa data katika shirika moja, na wasifu wake ulikuwa umemvusha hadi kwa watu watatu wa mwisho. Msaili mmoja alikuwa amefungua dashibodi yake kwenye kompyuta, na kando yake ameiweka karatasi ya wasifu.

"Hapa umeandika kwamba asilimia 60 ya vituo vya maji vinafanya kazi," akamwambia. "Kwenye dashibodi naona 54. Tushike ipi?"

"Mjomba, nilikauka," aliniambia. "Nilijua zote mbili nimezipata mimi mwenyewe. Lakini kwa nini zimetofautiana, sikukumbuka."

Tulikaa mezani jioni hiyo tukazitafuta. Ilituchukua saa nzima na ushee, na mwisho tukagundua kwamba nambari zote mbili zilikuwa sahihi. Kosa lake halikuwa la hesabu. Aliandika nambari kwenye wasifu bila kuandika ni ya nini.

Nimeshakaa kwenye kamati za usaili mara kadhaa na nimesoma sivii nyingi za vijana wanaotaka kazi hii. Wengi hawajawahi kuajiriwa, kwa hiyo wanajaza nafasi ya uzoefu kwa miradi: wanachukua data ya wazi, yaani ile ambayo serikali au taasisi imeiachia umma, wanaichambua nyumbani, kisha wanaiandika kazi hiyo kwenye wasifu. Ni njia halali kabisa. Tatizo ni kwamba nyingi zinafanana kama vitenge vya jora moja. Utakuta abiria wa meli ya Titanic, mistari 891, nani alizama na nani alipona. Utakuta maua ya Iris, 150, ambayo Ronald Fisher aliyaandikia makala mwaka 1936. Chini yake kuna orodha: SQL, Excel, Power BI, kila moja na nyota zake nne kati ya tano. Nyota hizo kajipa mwenyewe mwombaji, na msaili hana la kufanya nazo.

Mpwa wangu alikuwa amekwepa mtego huo. Alichagua data inayohusu nchi yake, na ndiyo nitakayoitumia hapa, kwa sababu ina kila aina ya shimo ambalo mchambuzi anapaswa kulijua.

Data yenyewe ni ya vituo vya kuchotea maji Tanzania Bara. Ilikusanywa kupitia jukwaa la Taarifa pamoja na Wizara ya Maji, na tovuti ya DrivenData ikaiweka wazi kwa ajili ya shindano liitwalo "Pump it Up". Sehemu kubwa ya ukusanyaji ni ya mwaka 2011 hadi 2013. Kila mstari ni kituo kimoja: kisima cha pampu ya mkono, bomba la kijiji, chemchemi iliyojengewa. Vituo vipo 59,400, na kila kimoja kina safu 40 za maelezo: mkoa, kata, bonde la maji, aliyefadhili, aliyejenga, mwaka wa ujenzi, namna watu wanavyolipia, wingi wa maji. Faili la pili lina jambo moja tu, hali ya kituo, na hali hizo ni tatu. Vituo 32,259 vinafanya kazi. Vituo 4,317 vinafanya kazi lakini vinahitaji matengenezo. Vituo 22,824 havifanyi kazi.

Gawanya 32,259 kwa 59,400 utapata asilimia 54.3. Hiyo ndiyo 54 ya kwenye dashibodi.

Ile 60 ilitoka wapi? Katika safu ya `quantity`, inayoeleza wingi wa maji, vituo 6,246 vimeandikwa `dry`, yaani vikavu. Siku moja mpwa wangu alikuwa anataka kujua pampu zenyewe zina uzima kiasi gani, akaona si haki kuilaumu pampu kwa kisima kilichokauka, akaviondoa vikavu vyote. Vikabaki 53,154, na kati ya hivyo vinavyofanya kazi ni 32,102. Hiyo ni asilimia 60.4. Akaipenda, akaiandika kwenye wasifu. Dashibodi aliitengeneza wiki mbili baadaye kutoka faili la mwanzo, bila kichujio kile, na alikuwa ameshakisahau.

Sasa tazama. Ukiuliza "mitambo mingapi iko salama?", kuondoa visima vikavu kuna mantiki. Ukiuliza "mama anayekwenda kuteka maji atarudi na ndoo imejaa?", kisima kikavu ni kisima kisichofanya kazi, na kukiondoa ni kujipendelea. Maswali mawili, majibu mawili. Wasifu unaosema "asilimia 60 ya vituo vinafanya kazi" bila kueleza vituo gani umeficha swali lenyewe. Maneno manne yangemwokoa: "bila kuhesabu visima vilivyokauka".

Na kwa kuwa tulikuwa tumeshaingia humo, tulikuta kioja kingine. Kati ya vile vikavu 6,246, vituo 157 vimeandikwa kwamba vinafanya kazi. Kisima kikavu kinachofanya kazi! Huenda siku ya ukaguzi pampu ilikuwa nzima na maji yameisha, huenda mkaguzi alikosea kubonyeza. Data haisemi. Mchambuzi mzuri haitafuti hadithi ya kuzifuta 157 hizo. Anaziandika pembeni, anasema zipo, anaendelea na kazi.

Nije kwenye SQL, maana ndiyo inayotajwa kwenye kila wasifu na kuelezwa kwenye wachache. SQL ni lugha ya kuliuliza ghala la data. Unaandika unataka safu gani, kutoka jedwali lipi, kwa masharti gani, na mashine inakurudishia jibu. Hapa tuna majedwali mawili, la maelezo ya kituo na la hali yake, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyaunganisha kwa namba ya utambulisho wa kituo. Swali ambalo mpwa wangu alipenda kuliuliza lilihusu malipo: je, vituo ambavyo watu huvilipia vina hali bora kuliko vile vya bure?

```sql
SELECT m.payment,
       COUNT(*) AS vituo,
       ROUND(100.0 * SUM(CASE WHEN h.status_group = 'functional'
                         THEN 1 ELSE 0 END) / COUNT(*), 1) AS asilimia
FROM maelezo m
JOIN hali h ON h.id = m.id
GROUP BY m.payment
ORDER BY asilimia DESC;
```

Hata asiyejua SQL anaweza kulifuata. Kwa kila namna ya malipo, hesabu vituo vyote, kisha hesabu vinavyofanya kazi, ugawanye. Ile 100.0 yenye nukta ina sababu yake. Katika PostgreSQL na SQLite, nambari nzima ikigawanywa kwa nambari nzima, mabaki hutupwa. Ukiandika 100 bila nukta, 44.9 inakuwa 44, wala hakuna onyo lolote. Ukigawanya kwanza na kuzidisha baadaye ni balaa zaidi, kila jibu linakuwa sufuri. Ukiona safu nzima ya asilimia imejaa sufuri, usiilaumu data.

Majibu yalikuja hivi. Vituo vinavyolipiwa kwa mwaka ni 3,642, na asilimia 75.2 vinafanya kazi. Vinavyolipiwa kwa ndoo ni asilimia 67.8, vya kila mwezi 66.0. Vile ambavyo watu huchangishana pale tu mtambo unapoharibika ni 62.1. Na vile visivyolipiwa kabisa, ambavyo ni 25,348, ni asilimia 44.9 tu.

Hapo kijana yeyote atatetemeka kwa furaha. Pengo la pointi 30! Mkono unakimbilia kuandika: "Nilithibitisha kwamba wananchi wakilipia maji, vituo vinadumu."

Hapana. Subiri kidogo. Nani atalipia kisima kilichokufa? Mkaguzi akifika kijijini akakuta pampu imeota kutu mwaka wa tatu huu, akauliza "mnalipaje?", ataambiwa hatulipi. Kituo kitaandikwa kuwa hakilipiwi, ingawa huenda zamani watu walikuwa wakichanga vizuri tu. Ubovu unaweza kuwa ndio ulioua malipo, badala ya ukosefu wa malipo kuua kituo. Data hii ni picha ya siku moja kwa kila kituo. Haina kumbukumbu ya jana yake, kwa hiyo haiwezi kuamua kesi hiyo.

Kuna dalili nyingine inayonifanya niwe na shaka. Vituo 8,157 vimeandikwa `unknown`, malipo hayajulikani, na vinavyofanya kazi kati yao ni asilimia 43.3, chini hata ya vile vya bure. Kutojulikana hakuwezi kuharibu pampu. Ninavyodhani, pampu ikishakufa, hata mtu wa kuulizwa hapatikani pale kisimani. Kama ubovu unaathiri namna safu hii ilivyojazwa, basi pengo lile la pointi 30 nalo limechanganyika na jambo hilo hilo.

Kwa hiyo kwenye wasifu tuliandika "vinahusiana", tukaongeza kwamba data haionyeshi kipi kilitangulia. Mpwa wangu aliogopa kwamba sentensi hiyo inamshusha. Nikamwambia, mama, kati ya sivii mia moja, yenye sentensi hiyo itakuwa moja, na ndiyo itakayowekwa pembeni ili isomwe tena.

Kabla hatujaachana na SQL, kuna shimo moja ambalo wengi hutumbukia. Safu ya mwaka wa ujenzi. Ukiomba wastani wake kwa haraka, unapata 1300.65. Yaani kituo cha kawaida cha maji Tanzania kilijengwa mwaka 1300, kabla hata ya jumba la Husuni Kubwa kule Kilwa kusimama! Sababu ni kwamba vituo 20,709 vina sufuri mahali pa mwaka. Sufuri hiyo si mwaka, maana yake ni "haijulikani", ila iliyejaza faili hakuacha pengo.

```sql
SELECT AVG(construction_year) FROM maelezo;
SELECT AVG(NULLIF(construction_year, 0)) FROM maelezo;
```

Mstari wa pili unaigeuza sufuri kuwa pengo, na `AVG` huruka mapengo. Wastani unakuwa 1996 na ushee, jambo linaloaminika. Lakini usifurahi mapema. Umeondoa asilimia 35 ya vituo, na sufuri hizo hazikutawanyika sawasawa. Kuna mikoa, kama Dodoma na Mbeya, ambayo karibu yote haina mwaka. Mtu akiandika "umri wa wastani wa vituo Tanzania", nusu ya ukweli imebaki nyumbani: ni wa mikoa ile iliyoandika. Kosa la 1300 kila mtu ataliona. Hili la pili halionekani mpaka uhesabu sufuri mkoa kwa mkoa, na ndilo ninalopenda kuwauliza waombaji.

Dashibodi nitaieleza kwa mfano mmoja. Ni ukurasa wa michoro inayobadilika unapobonyeza: ramani, vipau, vichujio vya mkoa. Ya mpwa wangu ilikuwa na ramani juu na vipau chini, imepangwa kwa rangi za kupendeza, na ilikuwa na makosa mawili.

La kwanza lilikuwa la ramani. Ilipofunguka, Tanzania ilikuwa imebanwa kulia kama kipande cha karanga, na katikati kulikuwa na bahari kubwa ya Atlantiki yenye nukta moja nene. Nukta hiyo ilikuwa vituo 1,812. Longitudo yao imeandikwa sufuri na latitudo karibu sufuri, na mahali hapo duniani ni Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana. Vituo hivyo ni vya mikoa ya Mwanza na Shinyanga, hakuna aliyekwenda kuchimba kisima baharini. Dawa yake ni kuvitoa kwenye ramani tu, vibaki kwenye hesabu nyingine zote, na kuandika chini ya ramani kwamba vituo 1,812 havina mahali. Ukivifuta kwenye faili zima, kila asilimia yako inasogea kidogo, na tunarudi kwenye ugomvi wa 54 na 60.

La pili lilikuwa zito zaidi. Kipau cha vituo vibovu kwa kila mkoa kilionyesha Iringa na Lindi karibu sawa: Iringa 1,030, Lindi 993. Mtu anayetazama haraka atasema mikoa hii ina shida moja. Lakini Iringa ina vituo 5,294 katika data hii, mingi kuliko mkoa wowote, na Lindi ina 1,546 tu. Ubovu wa Iringa ni asilimia 19.5. Wa Lindi ni asilimia 64.2. Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye hali bora, na Lindi karibu vituo viwili kati ya vitatu vimekufa. Kipau cha idadi kilikuwa kinapima nani ana vituo vingi, hakikupima nani ana shida. Tulibadilisha kipau kiwe cha asilimia, na idadi ya vituo tukaiandika kwa maandishi madogo pembeni ya jina la mkoa, ili mtu ajue asilimia hiyo imetokana na vituo vingapi.

Hapo kuna jambo moja la kwetu ambalo mgeni hawezi kulijua. Data ina mikoa 21. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, iliyoanzishwa mwaka 2012, haimo, wala Songwe ya 2016. Vituo vya Njombe vimo ndani ya Iringa. Kwa hiyo ukichukua ramani ya mikoa ya leo ukaipaka rangi kwa data hii, Njombe itabaki nyeupe kana kwamba haina hata bomba, na msaili akiwa mtu wa Makambako, umekwisha.

Tuje kwenye Excel. Vijana wa siku hizi wanaidharau kidogo, wanaiona ya wahasibu. Lakini maofisini maamuzi mengi ya fedha bado hupitia humo, na msaili anapoona neno "modeli ya Excel" anataka kujua kama unaweza kutenganisha unachokijua na unachokikisia. Modeli tuliyoijenga iliuliza: ingegharimu kiasi gani kutengeneza vile vituo 4,317 ambavyo bado vinatoa maji lakini vimeanza kuchoka, na watu wangapi wangeguswa?

Idadi ya vituo kwa kila mkoa inatoka kwenye data moja kwa moja:

```
=COUNTIFS(maji[region],A5,maji[status_group],"functional needs repair")
```

Gharama ya kutengeneza kituo kimoja haimo kwenye data. Ikabidi tuikisie, na tuliiweka kwenye karatasi ya pekee iitwayo Dhana, katika seli moja yenye rangi ya manjano: shilingi 800,000. Nasema wazi kwamba hiyo ni nambari ya mfano, hatukuitoa kwa fundi yeyote. Kila mkoa unaisoma kutoka hapo:

```
=B5*Dhana!$B$2
```

Alama za dola zinaifunga seli ile, ili ukinakili fomula kwenda chini isihame ikaanza kusoma seli tupu. Kosa la kawaida kabisa ni kuandika 800000 ndani ya fomula yenyewe, mara ishirini na moja, mkoa kwa mkoa. Bosi akisema "jaribu milioni moja", unabadilisha ishirini, mmoja unausahau, na jumla inakudanganya bila dalili. Ukitaka kujua kama modeli ya mtu ni nzima, badilisha ile seli moja iwe sufuri. Jumla isipokuwa sufuri, kuna mahali ameandika nambari kwa mkono.

Kwa 800,000, Kigoma yenye vituo 603 inahitaji shilingi 482,400,000, na nchi nzima 3,453,600,000. Lakini hatukuishia kwenye nambari moja, kwa sababu makisio moja yakivaa suti ya tarakimu kumi huonekana kama ukweli. Tuliweka kiwango cha chini cha 600,000 na cha juu cha 1,200,000, na jibu likawa kati ya bilioni 2.6 na bilioni 5.2. Hilo pana ndilo jibu la kweli.

Kwa upande wa watu, data ina safu ya idadi ya watu wanaozunguka kituo, na mpwa wangu alikuwa ameijumlisha kwa moyo mweupe. Tulipoichungulia tukakuta sufuri 21,381, na vituo vingine 7,025 vina mtu mmoja. Mtu mmoja na kisima chake! Tuliiacha. Badala yake tulitumia kipimo cha Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002, kwamba kituo kimoja kihudumie watu 250 ndani ya mita 400. Kwa vituo 4,317 hiyo ni watu 1,079,250. Tuliandika pembeni kwamba ni watu wanaopaswa kuhudumiwa kwa mujibu wa sera. Wanaochota kweli hatuwajui.

Baada ya hayo yote, wasifu ulibaki na nafasi ndogo sana kwa mradi huu, mistari saba ya ukurasa mmoja. Nauweka hapa kama tulivyouandika, kwa Kiswahili, ingawa ofisi nyingi zitautaka kwa Kiingereza:

*Hali ya vituo vya maji Tanzania Bara. Mradi binafsi, data ya wazi ya Taarifa na Wizara ya Maji, vituo 59,400, hasa 2011–2013.*

*SQL: niliunganisha majedwali mawili na kutenga sufuri zinazomaanisha "haijulikani" (mwaka wa ujenzi haupo kwa vituo 20,709). Vituo vinavyolipiwa kwa mwaka vinafanya kazi kwa 75.2%, visivyolipiwa 44.9%. Vinahusiana, data haionyeshi kipi kilitangulia.*

*Dashibodi: ubovu wa vituo kwa asilimia na si kwa idadi, mikoa 21 ya wakati huo. Lindi 64.2%, Iringa 19.5%. Vituo 1,812 visivyo na mahali vimetajwa chini ya ramani.*

*Excel: modeli ya gharama za matengenezo ya vituo 4,317, dhana zote katika karatasi moja, jibu likitolewa kwa kiwango cha chini na cha juu.*

Angalia neno "binafsi" pale juu. Nimewahi kupokea sivii ambayo mwombaji ameandika "Mchambuzi wa data, wizara" na miezi sita ya kazi, kumbe alipakua faili mtandaoni. Swali la kwanza lilikuwa jina la msimamizi wake, na usaili ukaishia hapo. Vilevile utakuta "niliongeza ufanisi kwa asilimia 30" kwenye mradi wa data ya wazi. Ufanisi wa nani? Mradi wa nyumbani hauna mteja wala mauzo. Unacho ulichokipima tu, nacho kinatosha kama umekipima vizuri.

Hatukuandika tena "mahiri wa SQL". Zile nyota nne tulizifuta, na Titanic nayo ikaondoka. Kwenye folda ya mradi tuliongeza faili fupi la maandishi lenye kila nambari iliyomo kwenye wasifu na swali la SQL au seli ilikotoka. Usiku kabla ya usaili anazirudia kutoka mwanzo, na ikitofautiana hata moja, harudi kitandani.

Kuna kikwazo kimoja kidogo ambacho huwakwamisha wengi mwishoni. Power BI haimruhusu mtu kujisajili kwa barua pepe ya kibinafsi, inataka ya kazini au chuoni, na ya chuo mara nyingi hufungwa ukishahitimu. Kiungo kilichofunguka vizuri mwezi wa saba kinaweza kumwonyesha msaili ukurasa wa kuomba nywila mwezi wa kumi. Tableau Public haina masharti hayo, ila chochote unachokichapisha humo kinaweza kuonekana na dunia nzima, kwa hiyo kitumie kwa data ya wazi peke yake. Na kama utatuma wasifu wako wiki hii, kwanza azima simu ya jirani ambaye hajawahi kufungua akaunti yako, bonyeza kiungo chako mwenyewe, uone kama dashibodi inafunguka.